Mafuta Yamekatwa, Gurudumu Bado Linazunguka

Jioni, mwendesha mashine ya kusaga anapokata mafuta, injini haisimami papo hapo. Mlio wa ekzosi hukatika ghafla, lakini gurudumu zito la chuma ubavuni mwa injini huendelea kuzunguka kimyakimya, kana kwamba halijapata habari. Mteja wa mwisho anaweza kufunga gunia lake, akalipa na kuaga, na gurudumu bado halijatulia. Mafundi huliita flaiwili. Kazi yake ni kutunza nguvu pistoni inaposukumwa na moto, kisha kuirudisha pistoni inapohitaji kusukumwa, ili injini isiende kwa kushtukashtuka.

Swali la makala haya ni dogo, na wanafunzi wa fizikia hulikuta kwenye mitihani yao kila mara: tangu mafuta yakatwe hadi gurudumu lisimame kabisa, litazunguka mara ngapi, na litatumia muda gani? Watu wengi wakiulizwa hukisia, na karibu wote hukisia vibaya kwa namna ileile.

Injini inayofaa kwa mfano huu ni Lister CS, iliyotengenezwa na kampuni ya R. A. Lister mjini Dursley, Uingereza, kuanzia miaka ya 1930. Ni injini ya dizeli yenye silinda moja iliyosimama wima na flaiwili mbili kubwa, moja kila upande. Toleo lake la nguvu farasi 5 liliendeshwa kwa mizunguko 600 kwa dakika, na lile la nguvu farasi 6 lililofuata likaenda kwa 650. Huo ni mwendo wa polepole sana ukilinganisha na injini ndogo za siku hizi, na ndiyo sababu flaiwili zake zilifanywa nzito kiasi kwamba mtu mmoja hazibebi. Afrika Mashariki injini hizi ziliendesha mashine za kusaga, pampu za maji na jenereta, na nakala zake zilitengenezwa kwa wingi katika mji wa Rajkot, India.

Tuchukue basi injini ya namna hiyo inayokwenda mizunguko 600 kwa dakika. Mkanda wa mashine umekwisha kutolewa kabla injini haijawashwa, kwa hiyo hakuna kingine kinachoburutwa. Mafuta yanakatwa, na wakati huohuo kiwiko kinachoshikilia vali ya ekzosi iwe wazi kinainuliwa, ili pistoni isibane hewa tena. Saa inaanza kuhesabu. Tuseme gurudumu linasimama baada ya sekunde 40.

Hatua ya kwanza ni kuacha dakika na kuhamia sekunde, maana muda umepimwa kwa sekunde. Mizunguko 600 kwa dakika ni mizunguko 10 kwa sekunde. Hapa ndipo makosa mengi ya mitihani huanzia: mwanafunzi huzidisha 600 kwa 40, akapata mizunguko 24,000, na jibu hilo halimshtui. Anayekumbuka kubadili vipimo huzidisha 10 kwa 40 akapata 400. Hilo nalo si jibu, ila limekaribia, kwa sababu 400 ni mizunguko ambayo gurudumu lingefanya kama lingebaki na kasi yake yote kwa sekunde zote 40. Halikubaki nayo. Lilianza na 10 likaishia na sifuri.

Kama kasi inapungua kwa kiasi kilekile kila sekunde, basi kasi ya wastani ni katikati ya mwanzo na mwisho, yaani mizunguko 5 kwa sekunde. Mara sekunde 40, ni mizunguko 200. Jibu ni hilo. Likiandikwa kwa herufi, ambapo n ni idadi ya mizunguko, f ni kasi ya mwanzo kwa sekunde na t ni muda hadi kusimama, linakuwa:

n = ½ × f × t

Kanuni hii ni ya zamani kuliko injini yoyote. Wasomi wa Chuo cha Merton, Oxford, waliifikia katika karne ya 14, na Mfaransa Nicole Oresme akaichora: kitu kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika alikionyesha kwa mstatili, na kinachobadilika sawasawa kwa pembetatu. Pembetatu yenye kitako na kimo sawa na vya mstatili ni nusu yake, na ile ½ kwenye kanuni ndiyo hiyo. Mwanafunzi aliyesahau fomula mtihanini anaweza kuchora pembetatu hiyo pembeni mwa karatasi: kimo ni kasi, kitako ni muda, na eneo lililo ndani ni idadi ya mizunguko.

Wakati mwingine muda hautolewi. Badala yake swali hutaja kasi inapungua kiasi gani kila sekunde. Katika mfano wetu, mizunguko 10 kwa sekunde imeisha katika sekunde 40, kwa hiyo kila sekunde gurudumu hupoteza robo ya mzunguko kwa sekunde, yaani 0.25. Kama tungepewa 10 na 0.25 tu, muda ungepatikana kwa kugawa: 10 ÷ 0.25 = 40. Mizunguko ingepatikana kwa kanuni ya pili, ambayo haihitaji muda hata kidogo, a ikiwa ni upungufu wa kasi kila sekunde:

n = f² ÷ (2 × a)

Yaani 100 gawanya kwa 0.5, nayo ni 200 ileile. Vitabu vya shule hupenda kupima kwa radiani, ambapo mzunguko mmoja ni radiani 2π, takribani 6.28. Kasi ya mwanzo inakuwa radiani 62.8 kwa sekunde, upungufu unakuwa 1.57, na jibu linatoka radiani 1,257. Anayesahau kugawa kwa 6.28 mwishoni ataandika kwamba gurudumu limezunguka mara 1,257. Kwa swali la kusimama tu, radiani hazihitajiki. Zinahitajika pale tunapotaka kujua nguvu na nishati.

Turudi kwenye lile kosa la kukisia. Baada ya sekunde 20, nusu ya muda, gurudumu limebaki na mizunguko mingapi? Wengi watasema 100. Lakini katika nusu hiyo ya kwanza kasi imetoka 10 hadi 5, wastani wake ni 7.5, na mizunguko iliyofanyika ni 150. Nusu ya pili ina 50 tu. Robo tatu ya safari yote imefanyika katika nusu ya kwanza ya muda. Ile mizunguko 100 ya kwanza inaisha mapema zaidi, kabla hata ya sekunde ya 12.

Tukikata muda vipande vinne vya sekunde kumi kumi, hesabu inatoka hivi: mizunguko 87.5, kisha 62.5, kisha 37.5, na mwisho 12.5. Kila kipande kina pungufu ya 25 kuliko kilichotangulia. Ukigawa zote kwa 12.5 unapata 7, 5, 3, 1. Galileo aliandika juu ya namba hizi witiri katika kitabu chake cha mwaka 1638, akieleza vitu vinavyoanguka na tufe zinazobingirika kwenye mteremko: umbali wa vipindi vinavyofuatana huwa 1, 3, 5, 7. Gurudumu linalosimama hufuata mfuatano uleule kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Mfuatano huo ni kipimo kizuri kuliko fomula zenyewe, kwa sababu unamwambia mtu kama fomula zina haki ya kutumika. Zote zimesimama juu ya sharti moja, kwamba kasi inapungua kwa kiasi kilekile kila sekunde. Sharti hilo linatimia pale kinachozuia gurudumu ni msuguano mkavu wa chuma kwa chuma chini ya uzito. Msuguano wa namna hiyo hubadilika kidogo tu kasi inapobadilika. Unavuta kwa nguvu karibu ileile gurudumu likienda mbio au likijikongoja. Mafuta ya kulainisha hayana tabia hiyo. Kadiri kasi inavyokuwa kubwa, ndivyo mafuta mazito yanavyokinza zaidi. Gurudumu linalozuiwa na mafuta pekee hupoteza kasi haraka mwanzoni, kisha hukokota mwendo mdogo kwa muda mrefu. Mfuatano wake unaweza kuwa 80, 40, 20, 10, kila kipindi kikitoa nusu ya kilichotangulia. Hewa inayopigwa na spoku nayo hukinza sana kasi ikiwa kubwa, na karibu haihesabiki kasi ikipungua.

Injini halisi ina vyote hivyo kwa pamoja. Kwa hiyo anayepima hukuta kipindi cha kwanza hakikai kwenye mstari, kisha vipindi vya baadaye vinakaribia ule mpango wa kushuka kwa hatua sawa. Kuna njia rahisi ya kuligundua hilo bila kuchora grafu. Geuza kanuni ya kwanza, f = 2 × n ÷ t, uone kama inakurudishia kasi uliyoanza nayo. Kama gavana ilikuwa imeshikilia injini kwenye 600, gurudumu likasimama kwa sekunde 40, lakini mizunguko iliyohesabiwa ni 180 badala ya 200, basi kanuni inakupa mizunguko 9 kwa sekunde, ambayo ni 540 kwa dakika. Pengo hilo la 60 linasema kwamba kasi ilidondoka haraka zaidi mwanzoni kuliko mwishoni. Gavana haina kosa; sharti ndilo halikutimia barabara.

Kosa jingine ni la injini zenye kompresheni, nalo linaonekana kwa macho. Mtu akikata mafuta bila kuinua kile kiwiko cha vali, pistoni inaendelea kubana hewa. Gurudumu likiwa na kasi, hewa iliyobanwa huisukuma pistoni chini tena na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyochukuliwa. Mwishoni gurudumu linakosa nguvu ya kuivusha pistoni juu. Linasita, linarudi nyuma, linayumba mara moja au mbili, ndipo linasimama. Hakuna kanuni ya shule inayoeleza kuyumba huko, na mizunguko ya mwisho ambayo ingefanyika haifanyiki.

Tatizo la kivitendo ni kuhesabu. Jicho la binadamu haliwezi kufuata mizunguko 10 kwa sekunde, na kusogeza mkono au kijiti ili kihesabu kwa kugongwa ni wazimu. Njia ya siku hizi ni kuchora alama moja nene ya chaki ukingoni mwa gurudumu kabla injini haijawashwa, kisha kurekodi video kwa simu iliyosimamishwa mbali kidogo. Simu nyingi huchukua picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linapokwenda mizunguko 10 kwa sekunde kila mzunguko unapata picha tatu tu. Zinatosha kuhesabia, lakini spoku zitaonekana zikienda nyuma au zimeganda, na anayeziangalia hizo badala ya chaki atachanganyikiwa. Simu yenye uwezo wa kurekodi picha 240 kwa sekunde huondoa utata huo. Ni vyema kuanza kuhesabu kutoka mwisho wa video kurudi mwanzo: mizunguko ya mwisho ni ya polepole na haina shaka, na ukikuta sekunde 10 za mwisho zina mizunguko 12 na nusu, unajua kabisa cha kutarajia katika zile 10 zilizotangulia.

Maabara za vyuo zimetumia mbinu hii kwa miaka mingi kupima kitu ambacho mizani haiwezi kupima, yaani ukaidi wa gurudumu dhidi ya kubadilishwa kasi, unaoitwa inesha. Gurudumu hufungwa ukutani, uzi huzungushiwa ekseli yake, na uzito huning'inizwa. Uzito unashuka, gurudumu linaongeza kasi, kisha uzi unachomoka. Kuanzia hapo hakuna kinacholisukuma. Mwanafunzi huhesabu mizunguko hadi gurudumu lisimame, na huangalia saa. Akipata mizunguko 45 kwa sekunde 60, wastani ni 0.75, basi kasi wakati uzi unachomoka ilikuwa mara mbili ya hapo, mizunguko 1.5 kwa sekunde. Amepata kasi bila kuwa na kifaa cha kupimia kasi. Mizunguko hiyohiyo 45 humwambia pia nishati ilivyoliwa na msuguano, maana msuguano usiobadilika hula kiasi kilekile katika kila mzunguko.

Hilo la nishati linastahili kuangaliwa kwenye injini yetu. Tukichukua inesha ya jumla kuwa 10 katika vipimo vya kilo na mita za mraba, nishati iliyomo kwenye flaiwili kwa mizunguko 600 ni karibu joule 20,000. Ni joto la kutosha kupandisha glasi ya robo lita ya maji kwa nyuzi 19 hivi. Joto hilo lote linaingia kwenye beringi, kwenye ukuta wa silinda na hewani katika muda wa sekunde 40. Kila mzunguko unatoa joule 100 hivi, wa kwanza sawa na wa mia mbili. Kwa kuwa robo tatu ya mizunguko hufanyika katika nusu ya kwanza ya muda, robo tatu ya nishati nayo hutoka katika nusu hiyo.

Na kweli, gurudumu lolote likishuka hadi nusu ya kasi yake limekwisha kutoa robo tatu ya nishati, hata kama limepungua bila mpangilio, kwa sababu nishati hufuata kasi mara kasi. Wahandisi wa mtambo wa JET huko Culham, Uingereza, uliokuwa ukifanya utafiti wa nishati ya muungano wa atomu hadi mwishoni mwa mwaka 2023, waliitegemea hesabu hiyo. Umeme uliohitajika kwa kila jaribio ulikuwa mwingi kuliko gridi ilivyoweza kutoa peke yake kwa mkupuo, hivyo waliweka jenereta mbili zenye flaiwili za tani 775 kila moja na kipenyo cha mita 9. Magurudumu hayo yalichochewa polepole hadi mizunguko 225 kwa dakika, kisha yakanyonywa hadi nusu ya kasi hiyo. Kuendelea kuyanyonya hadi yasimame kungeongeza robo moja tu iliyobaki.

Kwenye mashine ya kusaga, robo hiyo ya mwisho ndiyo inayoumiza watu. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 60 linapozunguka mara 10 kwa sekunde, ukingo wake huenda karibu kilomita 68 kwa saa, na hakuna anayethubutu kuligusa. Baada ya sekunde 20 ukingo bado uko kwenye kilomita 34 kwa saa. Katika sekunde ya 35 umeshuka hadi kilomita 8 na nusu, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Macho sasa yanaziona spoku moja moja, na mtu anaona limekwisha. Limebakiza mizunguko mitatu. Mizunguko hiyo inatosha kabisa kuvuta shati, kanga au kidole kilichopelekwa kwenye mkanda.

Kipimo hiki kina faida ya mwisho, na hii haihitaji hata kuhesabu mizunguko. Flaiwili ni ileile kila siku, kwa hiyo muda wa kusimama ukibadilika, kilichobadilika ni msuguano. Injini iliyokuwa ikisimama kwa sekunde 40 kutoka kasi ileile, leo ikasimama kwa sekunde 25, inapoteza mizunguko 0.4 kwa sekunde kila sekunde badala ya 0.25. Msuguano umeongezeka mara 1.6. Huenda beringi imekazwa kupita kiasi baada ya matengenezo, mafuta ya kulainisha hayafiki, au krankshafti imepinda kidogo. Muda ukirefuka ghafla, hiyo nayo si habari njema sana: pete za pistoni zilizolegea huzuia kidogo, na injini ya namna hiyo huwa pia ngumu kuwaka.

Anayetaka kuitumia njia hii apime injini ikiwa imekwisha kupata moto, maana mafuta baridi ya asubuhi hukinza zaidi, mkanda uwe umetolewa kabla ya kuwasha, na kasi ya kuanzia iwe ileile ya gavana kila mara. Kisha aandike idadi ya sekunde ukutani karibu na injini, pamoja na tarehe, apime tena kila baada ya kubadilisha mafuta, na asipeleke mkono kwenye mkanda hadi alama ya chaki iwe imesimama kabisa.